Konsonanti ya Katikati ni ya Nani?

Watoto wa pwani wakiongea kinyume, silabi ya mwisho ya neno hutangulizwa: kalamu inakuwa mukala, nyumba inakuwa mbanyu. Hakuna anayesema ukalam. Bila kufundishwa, wanajua kwamba m ya kalamu inakwenda na irabu inayoifuata, na kwamba mb ya nyumba huhama nzima nzima.

Wanaisimu wana kanuni inayoeleza hilo, ya kujaza mwanzo wa silabi. Konsonanti zikiwa kati ya irabu mbili, hupewa irabu ya pili kadiri lugha inavyoruhusu. Kwa Kiswahili, ambacho silabi zake nyingi huishia kwa irabu, kanuni hiyo haipati upinzani.

Kiingereza ndicho kinacholeta mzozo. Chukua neno lemon, yaani limau. Kanuni inataka le-mon. Lakini mkazo uko kwenye silabi ya kwanza, na irabu yake fupi haikubali kufunga silabi yenye mkazo. Inataka konsonanti nyuma yake. Ukikata lem-on, silabi ya pili inabaki bila mwanzo. Pande zote mbili zina haki.

Mwaka 1976, katika tasnifu yake ya chuo cha MIT, Daniel Kahn alipendekeza kwamba m hiyo ni ya silabi zote mbili. Haitamkwi mara mbili; ni sauti moja iliyofungwa huku na huku. Kwanza inapewa silabi ya pili, kama kanuni isemavyo. Kisha, ikiwa silabi hiyo haina mkazo, inaunganishwa pia na ile ya kwanza.

Ushahidi unasikika kwa Wamarekani. Katika atom mkazo uko mwanzoni, na t inalegea mpaka inakuwa mguso mmoja wa ulimi, karibu na r yetu. Neno linasikika kama jina Adam. Katika atomic mkazo umehamia silabi ya pili, na t inarudi kamili. Weka kiganja mbele ya mdomo wa msemaji: hapo utahisi pumzi ikitoka, ambayo kwenye atom haipo.

Mwaka 1988 Rebecca Treiman na Catalina Danis waliwataka wasemaji wa Kiingereza wageuze silabi, karibu sawa na kinyume chetu. Majibu yaligawanyika, na wengine waliitaja konsonanti ileile pande zote mbili. Sauti kama l, r, m na n zilivutwa nyuma zaidi kuliko t au p.

Si wote walioridhika na Kahn. Mwaka 1979 Paul Kiparsky alidai kwamba kulegea kwa t kunaelezeka kwa kuangalia tu kama konsonanti iko mwanzoni au ndani ya kikundi cha silabi kinachoongozwa na mkazo, pasipo haja ya sauti yenye makao mawili. Hoja hiyo inaitosheleza t ya atom. Kwa nini m ivutwe nyuma kuliko t, haisemi.