Paa la Asbesto: Lishushwe Likiwa Zima

Katika nyumba za walimu, kota za reli, zahanati na shule nyingi zilizojengwa kabla ya miaka ya 1990, bado yapo mapaa ya kijivu yenye mawimbi mapana, mazito, yaliyoota ukungu. Watu huyaita mabati ya asbesto, ingawa hayana chuma. Ni saruji iliyochanganywa na nyuzi za madini ya asbesto, kwa kawaida kiasi cha asilimia 10 hadi 15. Nyuzi ndizo zinazoizuia saruji hiyo nyembamba isipasuke.

Maadamu bati ni zima, saruji huzishika nyuzi hizo, na anayelala chini yake hana sababu ya kuhama usiku huo huo. Mambo hubadilika linapovunjwa, linapokatwa kwa grainda au kusuguliwa kwa brashi ya waya ili lipakwe rangi. Hapo nyuzi huachiliwa. Ni nyembamba kuliko jicho linavyoweza kuona, huelea hewani kwa saa nyingi, na zikivutwa hufika ndani kabisa ya mapafu, mahali ambapo kikohozi hakiwezi kuzitoa. Huleta makovu ya mapafu, saratani ya mapafu na saratani ya utando unaoyazunguka. Saratani hiyo ya utando mara nyingi hujitokeza miaka 20 hadi 40 baadaye, ndiyo maana fundi aliyebomoa paa leo haoni chochote kesho cha kumtia hofu.

Kwa hiyo kazi yote ya kushusha paa hili ina shabaha moja: bati lililopanda zima lishuke zima.

Kwanza, ujue unachokishika. Yapo mabati ya saruji ya kisasa yasiyo na asbesto yanayofanana nayo sana, na kuyatofautisha kwa uhakika ni kazi ya maabara. Kama jengo ni la zamani na hakuna kipimo, yahesabu kuwa ni asbesto. Ukikosea kwa upande huo utapoteza maji na nailoni tu.

Tuchukue mfano wa nyumba yenye paa la urefu wa mita 12, lenye safu mbili za mabati kila upande, mabati 12 kwa kila safu. Jumla ni mabati 48. Bati la mita 2.4 hufikia karibu kilo 40 likiwa kavu, kwa hiyo paa zima lina uzito wa karibu tani mbili. Hesabu hii hutusaidia mara mbili. Kwanza, inaonyesha kwamba bati moja ni mzigo wa watu wawili. Faida ya pili tutaiona mwishoni.

Kabla ya kupanda, familia, mifugo na majirani wa karibu wasogezwe, vyombo vitolewe na madirisha yafungwe. Nailoni nene, ya maikroni 200 au zaidi, itandazwe chini kuzunguka nyumba na ndani ya vyumba. Dari nayo isisahauliwe, kwani juu yake kuna vumbi la miaka mingi lililodondoka kutoka kwenye mabati. Bodi za dari zilowanishwe kabla ya kushushwa, nazo zihesabiwe kuwa taka ya asbesto. Siku ya upepo mkali, kazi iahirishwe.

Wanaofanya kazi wavae ovaroli za kutupwa zenye kofia, na barakoa ya daraja la FFP3 au yenye kichujio cha P3. Barakoa ya kitambaa au ya hospitalini haizuii nyuzi hizi. Hata ile nzuri huvujisha pembeni ikiwa fundi ana ndevu, kwa hiyo anyoe.

Kisha maji. Bomba la mgongoni la kunyunyizia dawa mashambani linafaa sana, likiwa safi na maji yakitiwa sabuni kidogo ili yapenye badala ya kuteleza. Nyunyizia taratibu, juu na chini ya bati, na urudie kila panapoanza kukauka. Usitumie mashine ya kuoshea magari, maana nguvu yake huchimba uso wa saruji na kurusha nyuzi mpaka kwa jirani.

Hapa ndipo mafundi wengi hukosea: wanapanda na kutembea juu ya paa. Bati lililochakaa halina dalili ya kuonya, hupasuka ghafla chini ya mguu, na mtu hudondoka pamoja na vipande. Likilowa linateleza pia. Njia salama ni kufanya kazi kutoka chini, juu ya jukwaa imara lililosimamishwa ndani ya nyumba. Mabati mengi ya aina hii hushikwa na boliti zilizopinda kama ndoano, zinazokumbatia papi. Fundi aliye chini huikata ndoano kwa mkasi mkubwa wa kukatia nondo. Palipo na skrubu, palowanishwe, kisha ifunguliwe kwa spana. Grainda isiwashwe, wala bati lisinyanyuliwe kwa mtaimbo, kwa sababu litapasuka kwenye tundu la boliti.

Anza na kofia za juu, kisha safu ya juu, mwisho safu ya chini, kwa kuwa bati la juu ndilo lililolalia la chini yake. Kila bati lipokewe kwa mikono au lishushwe kwa kamba, lisirushwe. Lilazwe juu ya nailoni na lifungwe mara mbili kwa nailoni na gundi ya utepe, kisha liandikwe kwa herufi kubwa: HATARI, ASBESTO. Likivunjika, vipande vilowanishwe na viingie katika mifuko miwili. Bati lisikatwe ili litoshe kwenye gari. Tafuta gari refu zaidi.

Paa likishaondoka, vumbi lililobaki kwenye kenchi, papi, gata na kuta lifutwe kwa matambara mabichi, na matambara yenyewe yatupwe na taka ile. Ufagio mkavu na mashine ya kawaida ya kunyonya vumbi hurudisha nyuzi hewani. Nailoni ikunjwe kuelekea ndani. Ovaroli zivuliwe papo hapo, barakoa iwe ya mwisho kutoka, na nguo za kazi zisipelekwe nyumbani. Wapo wanawake waliopata saratani hii ingawa kazi yao na asbesto ilikuwa kufua nguo za waume zao.

Linabaki swali la mabati yaende wapi. Nchini Kenya, kanuni za taka zinaihesabu asbesto kuwa taka hatarishi, na usafirishaji wake unahitaji leseni ya NEMA. Tanzania, taka hatarishi zinasimamiwa na NEMC, na usalama wa wafanyakazi na OSHA. Rwanda iliamua mwaka 2009 kuondoa mapaa haya nchini kote. Mwisho wake unaokubalika ni kuzikwa katika eneo lililoidhinishwa, yakiwa yamefungwa na kufunikwa kwa udongo.

Lakini katika makubaliano mengi ya mitaani, fundi huchukua mabati ya zamani kama sehemu ya malipo. Hapo ndipo yanapotokea tena kwenye banda la kuku, ukuta wa choo, au vipande vya kufukia mashimo ya barabara, vikisagwa na kila gari linalopita. Basi andika katika mkataba kwamba mabati si malipo, na kwamba fedha ya mwisho italipwa kwa stakabadhi ya eneo la kutupia. Yalikuwa 48 juu ya paa. Stakabadhi isome 48, na ieleze mangapi yalifika mazima. Tofauti ya idadi hizo mbili itakuonyesha fundi alifanyaje kazi yake.