Ukibadilisha herufi moja, nini kinaandikwa upya?

Chukua studio inayopiga picha na video za harusi. Ina hifadhidata ya wateja na malipo yao, ina kazi ambazo wahariri wawili wanazishughulikia pamoja, na ina video zilizokamilika zinazosubiriwa na wenyewe. Zote ni data, ila hazifai kukaa mahali pa aina moja. Tofauti huonekana pale mtu anapotaka kusahihisha kitu kidogo.

Hifadhidata hukaa kwenye hifadhi ya bloku, yaani diski. Diski haijui faili wala jina la bwana harusi. Inajua vipande vyenye ukubwa sawa, mara nyingi baiti 4,096, na kila kipande kina namba yake. Mfumo endeshi ndio unaokumbuka faili lipi limo katika vipande vipi. Kwa hiyo karani akirekebisha malipo ya mteja mmoja, vinaandikwa upya vipande vichache tu, kufumba na kufumbua. Lakini diski hiyo kwa kawaida ni ya kompyuta moja. Zikiiandikia mbili bila kupatana, kila moja itafuta kazi ya mwenzake na mafaili yataharibika.

Ndiyo maana wahariri wanahitaji hifadhi ya faili, ile folda ya pamoja ya ofisini. Hapo seva husimama mbele ya diski. Mhariri anataja njia, tuseme `Harusi/Juni/utangulizi.mp4`, na seva inatafuta vipande, inakagua ruhusa, na inaweza kumzuia mmoja asiandike wakati mwenzake anaandika.

Video iliyokamilika inafaa hifadhi ya objekti, kama S3 iliyozinduliwa na Amazon mwaka 2006. Ni kama kifurushi kilichofungwa unachokikabidhi kwa wakala wa basi: unakitoa kizima, kikiwa na jina na maelezo yake. Mteja aliye Mombasa au Maskati anaifikia video kwa anwani ya mtandao, na studio haiwazi diski kujaa.

Kilichokwisha kukabidhiwa, hata hivyo, hakirekebishwi ndani kwa ndani. Jina la bibi harusi likiwa limekosewa kwenye video ya gigabaiti 2, lazima video yote ipakiwe tena. Kwa mtandao wa megabiti 10 kwa sekunde, hizo ni takriban dakika 27 kwa ajili ya herufi moja. Hata folda unazoziona humo kwa kawaida ni sehemu ya jina la objekti tu. Kubadilisha jina la folda yenye picha 5,000 ni kunakili picha 5,000 kwa majina mapya, kisha kufuta za zamani.

Zipo programu zinazoionyesha hifadhi ya objekti kana kwamba ni diski ya kawaida, na mtu hushawishika kuweka hifadhidata humo. Utaitambua hali hiyo mapema: kadiri faili linavyokua, kuhifadhi badiliko lile lile dogo kunazidi kuchelewa. Hapo hamishia hifadhidata kwenye diski, na kwenye objekti peleka nakala yake ya kila usiku.