Kusoma mstari ulioandikwa kwenye ganda la waya wa mtandao

Waya wa mtandao unaouzwa kwa boksi la mita 305 huwa na maandishi madogo yaliyopigwa chapa kwenye ganda lake, yakijirudia kutoka mwanzo wa boksi hadi mwisho. Mafundi wengi husoma neno moja tu, CAT6, kisha wanalipa. Mstari mzima, ukiondoa jina la mtengenezaji, unaweza kuwa hivi:

```
CAT6 U/UTP 4PR 23AWG CMR 75°C ISO/IEC 11801 ANSI/TIA-568.2-D 187M
```

CAT6 inasema waya umekusudiwa kubeba ishara hadi megahezi 250. 4PR ni jozi nne, yaani nyaya nane ndani ya ganda moja. 75°C ni joto la juu ambalo waya umepimwa kulistahimili. Hayo hayana utata. Kazi kubwa iko kwenye 23AWG, U/UTP na CMR, kwa sababu hapo ndipo waya mzuri na waya wa kubahatisha hutengana.

AWG ni kipimo cha Kimarekani cha unene wa waya, nacho huhesabu kinyume: namba ikipanda, waya unakuwa mwembamba. Waya wa 23AWG una kipenyo cha takriban milimita 0.57, wa 24AWG una 0.51, na wa 26AWG una 0.40. Kwa macho tofauti hiyo haionekani sana, lakini umeme unaiona. Kila ukipanda namba tatu, shaba iliyomo inapungua karibu nusu, na ukinzani wa waya unakaribia kuongezeka maradufu. Mita 100 za waya mmoja wa shaba wa 23AWG zina ukinzani wa omu 6.7 hivi, za 24AWG omu 8.4, na za 26AWG zaidi ya omu 13. Viwango vya waya huu vimeweka ukomo wa omu 9.38 kwa mita 100. Kwa hiyo 23 na 24 zinapita, na 26 haifai kuvutwa ukutani kwa umbali mrefu. Mahali pake ni kwenye vile vipande vifupi vya kuunganishia kompyuta mezani.

Hesabu hiyo ni ya shaba tupu. Sokoni kuna waya mwingine ambao kiini chake ni aluminiamu iliyopakwa shaba kwa juu, unaojulikana kwa herufi CCA. Ukinzani wake unazidi wa shaba ya unene uleule kwa nusu na zaidi kidogo. Maana yake 23AWG ya CCA inafika omu 10 na kitu kwa mita 100, na tayari imevuka ukomo hata kama unene wake ni wa kweli. Viwango vya Kimarekani vya waya wa mtandao vinadai shaba, kwa hiyo CCA ikiandikwa kwenye mstari mmoja na TIA-568 au CMR, maandishi hayo yanajipinga yenyewe. Lakini mara nyingi muuzaji wa waya kama huo haandiki CCA mahali popote. Anaandika CAT6 UTP 23AWG na kunyamaza, hakuna ISO, hakuna TIA, hakuna namba ya usajili wa maabara. Kwangu mimi kimya hicho ni dalili nzito kuliko chochote kilichoandikwa.

Niliwahi kuitwa kwenye yadi moja ya magari Dar es Salaam. Kamera moja ya kuzunguka, iliyofungwa juu ya nguzo ya mbali, ilikuwa ikifanya kazi mchana kutwa bila shida, na giza likiingia inajizima na kujiwasha yenyewe. “Kaka, tumeshabadilisha kamera mara mbili, na swichi pia,” fundi aliniambia. Kamera ile ilikuwa inapata umeme kupitia waya uleule wa mtandao, kwa utaratibu wa PoE wa kiwango cha 802.3at. Nikaangalia ganda upande wa kamera, namba ya mita ikasomeka 187M. Upande wa swichi ikasomeka 97M. Namba hizo hupigwa chapa mita kwa mita, hivyo ukitoa moja kwa nyingine unapata urefu wa waya uliomo ukutani bila kupanda ngazi na futi: mita 90. Hizo ndizo hasa mita za juu zinazoruhusiwa kwa waya uliofungwa moja kwa moja, kwani mita 10 zinazobaki kufikia 100 ni za vipande vya kuunganishia. Umbali haukuwa na kosa.

Ganda lilisema 23AWG. Kipande cha mwisho tulikimenya, nikapima waya mmoja kwa kalipa: milimita 0.40. Nikaukwangua kwa wembe, na chini ya wekundu wa shaba kukatokea weupe wa aluminiamu. Maandishi yalikuwa yamedanganya mara mbili, kwa unene na kwa madini.

Sasa tuifuatilie hesabu, kwa sababu ndiyo inayoeleza kwa nini kamera ilizima usiku tu. Kwa 802.3at umeme huenda kwa nyaya mbili za jozi moja na kurudi kwa nyaya mbili za jozi nyingine. Nyaya mbili zikisaidiana, ukinzani wa kila upande unapungua nusu, na ukijumlisha kwenda na kurudi unapata sawasawa na ukinzani wa waya mmoja. Waya wa CCA wenye milimita 0.40 una kama omu 21 kwa mita 100, yaani karibu omu 19 kwa mita zetu 90. Swichi ya kiwango hicho inatakiwa itoe angalau volti 50, na mkondo wa juu ni ampea 0.6. Zidisha 19 kwa 0.6: volti zaidi ya 11 zinapotelea njiani, na kamera inabaki na 38 na kitu. Kiwango kinasema kifaa kisipate chini ya volti 42.5. Kwa shaba halisi ya 23AWG njia hiyohiyo ingepoteza volti 3.6 tu, na kamera ingebaki na zaidi ya 46.

Mchana kamera ilikuwa inatumia umeme kidogo, na upotevu ulikuwa mdogo vilevile. Usiku taa za infraredi zinawaka, na mota ikizunguka wakati huohuo mkondo unapanda. Mkondo ukipanda volti zinashuka, kamera inazima, mzigo unaondoka, volti zinarudi, kamera inawaka tena. Mzunguko huo huwafanya watu walaumu kamera, kisha swichi, na waya huwa wa mwisho kushukiwa.

Kipimo cha kuthibitisha hakihitaji mashine ya ghali. Chomoa waya pande zote mbili, upande mmoja unganisha pamoja nyaya mbili za jozi moja, nenda upande wa pili upime omu kwa multimita. Hapo unapima kwenda na kurudi kwa waya mmoja mmoja, kwa hiyo kwa mita 90 shaba ya 23AWG itasoma kama omu 12, na ukomo wa kiwango ni takriban 17. Waya wa yadi ile ulisoma juu ya 37. Dukani, ambako huwezi kupima hivyo, mizani inasaidia: shaba iliyomo kwenye boksi la mita 305 la 23AWG ina uzito unaozidi kilo tano na nusu peke yake, bila ganda wala plastiki ya kila waya. Aluminiamu iliyopakwa shaba, kwa unene huohuo, haifiki kilo mbili na nusu. Boksi jepesi linalodai 23AWG liulizwe maswali.

Turudi kwenye U/UTP. Herufi kabla ya mkwaju zinaeleza kinga inayozunguka jozi zote kwa pamoja, na iliyo baada ya mkwaju inaeleza kinga ya kila jozi. U ni bila kinga, F ni foili, S ni wavu wa waya uliosukwa. Hivyo F/UTP ina foili moja kubwa kwa nje na jozi zilizo wazi ndani, U/FTP ina foili kwa kila jozi bila kitu cha nje, na S/FTP ina vyote viwili, wavu nje na foili ndani. Waya ulioandikwa FTP au STP peke yake, bila mkwaju, haukuambii kinga iko wapi, na watengenezaji hutumia herufi hizo kwa maana tofauti.

Kwa nyumba na ofisi nyingi U/UTP inatosha kabisa. Kinga huanza kuwa na maana waya unapopita sambamba na nyaya za umeme mkubwa, karibu na mota au jenereta. Na hapo wengi hununua F/UTP kisha wanafunga plagi za plastiki tupu. Foili isiyounganishwa na plagi yenye ganda la chuma, na kupitia hiyo hadi kwenye waya wa ardhi wa kabati la vifaa, haijamaliza kazi yake. Ndani ya waya wa F/UTP utaona uzi mmoja wa waya mtupu unaogusana na foili. Huo ndio wa kuunganisha na chuma cha plagi, lakini mafundi wengi huukata kama uchafu.

Kundi la mwisho linahusu moto. CMR ni daraja la Kimarekani la waya unaoweza kupanda kutoka ghorofa hadi ghorofa bila kuupeleka moto juu. CMP ni kali zaidi, kwa nafasi za juu ya dari ambamo hewa ya kiyoyozi hupita. CM ni ya matumizi ya kawaida ndani, na CMX ni ya matumizi madogo, hasa majumbani. LSZH inazungumzia plastiki yenyewe: ikiungua hutoa moshi kidogo na haina zile kemikali za PVC zinazotoa gesi ya asidi. Hakuna hata moja kati ya hizo inayosema waya unaweza kukaa juani. Kwa nguzo na kuta za nje tafuta ganda jeusi la PE au maandishi yanayotaja matumizi ya nje, maana ganda la kawaida la PVC hukauka na kupasuka kwa jua letu.

Waya kutoka Ulaya huandikwa kwa mfumo mwingine, ambao umekuwa wa lazima kule tangu Julai 2017. Madaraja yake ya moto ni kama B2ca, Cca, Dca na Eca, likianza lililo bora. Hapa kuna mtego unaowaponza wanunuzi makini kuliko wazembe: Cca ni daraja zuri la moto, na CCA ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Nimeona waya mzuri wa shaba ukikataliwa kwa sababu hiyo, na ni rahisi kuona jinsi muuzaji anavyoweza kuitumia kinyume chake. Angalia herufi zenyewe na majirani zake. Daraja la moto lina C kubwa na ca ndogo, na kwa kawaida hufuatwa na alama za moshi, matone na asidi, mfano Cca-s1b,d1,a1. Zikiwa herufi tatu kubwa peke yake, karibu na AWG, basi zinataja madini, na wembe utakuonyesha weupe.