Barua ya Kazi ya Mwanajeshi Mstaafu

Barua ya mwanajeshi mstaafu anayeomba kazi ya ugavi au usafirishaji husomwa na ofisa rasilimali watu ambaye huenda hajawahi kuingia kambini. Neno "sajenti" halimwambii kama mwombaji aliendesha lori, aliongoza gwaride au alitunza bohari. Barua inapaswa kutaja kazi yenyewe: kilichopokelewa, kilichotunzwa, kilichotolewa, na watu waliosimamiwa.

Mfano ni sajenti wa bohari wa JWTZ anayeomba kazi ya usimamizi wa ghala jijini Dar es Salaam. Rasimu yake ya kwanza inasema: "Nilikuwa sajenti wa bohari, nikihudumia kombania tatu na kutekeleza amri zote za afisa mkuu." Yote ni kweli, lakini mwajiri hapati picha ya siku yake kazini. Ikiandikwa upya inakuwa hivi: "Nilisimamia ghala la vyakula, sare na vipuri lililohudumia watu zaidi ya 300. Nilipokea mizigo kwa kulinganisha hati na hesabu halisi, na kutoa kwanza chakula kinachokaribia kuisha muda. Kila mwisho wa mwezi nilihesabu bidhaa na kulinganisha na leja. Palipoonekana upungufu, nilifuatilia hati za kutolea mpaka chanzo kikajulikana. Nilisimamia watunza stoo sita."

Kombania tatu zimegeuka idadi ya watu, na amri zimegeuka kazi za kila siku. Sentensi ya upungufu ndiyo nzito kuliko zote, kwa kuwa ghala la biashara hupata hasara mzigo unapopotea bila maelezo. Ataulizwa juu yake kwenye usaili, basi awe na tukio moja analoweza kulisimulia hatua kwa hatua.

Lakini si kila kitu cha bohari kinaandikika. Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 inakataza kutoa taarifa za siri, na wajibu huo haukomi mtu anapovua sare. Silaha, risasi na mahali zinapohifadhiwa havina nafasi katika barua. Chakula na vipuri vinatosha kuonyesha ujuzi uleule.

Hatari nyingine ni kujikweza. Aliyetunza bohari akijiita "meneja wa mnyororo wa ugavi", ataulizwa gharama ya kusafirisha tani moja hadi Mwanza, mikataba na wenye malori, au taratibu za forodha bandarini. Mtunza bohari wa kikosi kwa kawaida hapangi bei wala hashughulikii wateja wanaolipa. Ni heri aombe usimamizi wa ghala au wa zamu, na aandike wazi kwamba gharama na forodha ni mambo anayohitaji kujifunza. Cheo kinakaa katika mstari mmoja wa wasifu, pamoja na miaka ya utumishi, na cheti cha kumaliza utumishi kinaambatanishwa.