Salamu na Shida Katika Ujumbe Mmoja

Muuzaji wa saruji Buguruni anamwandikia ofisa ununuzi wa shule moja ya Kibaha kwenye WhatsApp saa 3 asubuhi: "Mambo." Anasubiri. Saa 5 anapata jibu: "Poa, nani?" Anaandika: "Juma wa cement ile." Kisha: "ipo." Kisha: "16 na nusu." Jioni ofisa yule ameshaagiza saruji kwingine, na Juma anaamini amepigwa bao kwa bei.

Hakupigwa kwa bei. Simu ya yule mama ilimwonyesha neno moja kutoka namba asiyoijua, naye alikuwa kwenye kikao. Kwenye kioo cha simu iliyofungwa huonekana mwanzo tu wa ujumbe, na hapo ndipo mtu anapoamua afungue sasa au baadaye.

Wapo wanaofundisha kwamba dawa ni kuacha salamu na kwenda moja kwa moja kwenye jambo. Sikubaliani nao. Kwetu anayeingia na shida bila salamu anaonekana hana adabu, na ofisi haibadilishi hilo. Kosa la Juma lilikuwa kuituma salamu peke yake, ikasimama mlangoni ikisubiri kujibiwa kana kwamba wanazungumza uso kwa uso. Salamu na shida zikae pamoja:

"Habari za kazi, mama. Ni Juma, muuzaji wa saruji wa Buguruni, ulinipigia jana. Mifuko 200 uliyoulizia ipo. Bei ni shilingi 16,500 kwa mfuko, jumla 3,300,000. Usafiri hadi Kibaha ni 150,000. Bei hii itadumu hadi Ijumaa jioni. Ukithibitisha leo, mzigo utafika kesho saa 2 asubuhi (08:00)."

Ujumbe huu haujavaa suti. Hauna "kichwa cha habari tajwa hapo juu" wala "wako mtiifu", maneno ya barua ambayo kwenye simu yanachekesha. Lakini pia hauna "mambo", "xaxa" wala "cjui". "Habari za kazi" ni salama kwa mtu ambaye hujui umri wake. "Shikamoo" inafaa kwa mteja mkubwa kwako ambaye mmeshazoeana, ila kwa asiyejuana nawe inaweza kumzeesha bure. Na mteja akianza yeye "mambo vipi kijana wangu", mjibu kwa ukunjufu, lakini baki hatua moja nyuma yake. Yeye ndiye anayeamua mazoea yafike wapi.

Kilichobeba uzito zaidi hapo ni tarakimu. Dukani tukisema "16 na nusu" kila mtu anajua ni shilingi 16,500. Lakini ujumbe wa WhatsApp haubaki kwa aliyeandikiwa. Ofisa ununuzi ataupiga picha ya skrini na kumpelekea mhasibu, mhasibu atampelekea mkuu wa shule, na hao wawili hawakuwapo kwenye mazungumzo ya jana. Ndiyo maana bei huandikwa kamili, na "ile ya jana" hutajwa kwa jina na idadi. Saa nayo ni mtego: mkuu wa shule akiwa mgeni aliyezoea saa za Kizungu, "saa 2" pekee ataisoma kuwa ni mchana, na dereva atakuta geti limefungwa.

Kwa sababu hiyohiyo, ujumbe wa sauti haufai kubebeshwa bei. Aliye kikaoni hawezi kuusikiliza, na mhasibu anayetafuta "3,300,000" wiki mbili baadaye hataipata ndani ya sauti. Utumie kueleza njia ya kufika dukani, kama mteja mwenyewe amezoea kuzungumza hivyo. Proforma itumwe kama faili la PDF lenye jina linaloeleweka, si picha ya karatasi iliyopigwa kwa kuinama.

Tuseme sasa Juma ametuma, kisha akagundua usafiri ni 180,000. WhatsApp inaruhusu kuhariri ujumbe ndani ya dakika 15, na kuufuta kwa wote hata baadaye. Kosa la herufi lihaririwe. Bei isiguswe kimyakimya, kwa sababu picha ya skrini inaweza kuwa imeshafika kwa mhasibu, na ujumbe uliofutwa huacha alama inayomfanya mteja ajiulize kilichofichwa. Heri aandike upya, akiujibu ujumbe wake wa kwanza ili uonekane juu yake: "Samahani mama, narekebisha: usafiri ni 180,000, si 150,000. Jumla yote ni 3,480,000. Bei ya saruji haijabadilika." Mhasibu akiweka picha hizo mbili kwenye jalada, ataona wazi ipi inayolipwa.