Sungura na Manyanga ya Chui

Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, katika nchi ya mibuyu inayopakana na Mto Ruaha Mkuu, kiangazi kilikaza mpaka makorongo yote yakabaki mchanga mtupu. Tembo wakaja wakachimba shimo kwa miguu na mikonga. Hata leo hufanya hivyo, kwa sababu chini ya mchanga mkavu maji huwa bado yapo. Walipokunywa wakatosheka, wakaenda zao, shimo wakaliacha wazi kwa yeyote mwenye kiu.

Chui akalikuta. Akajilaza nyuma ya gogo, hatua chache tu kutoka majini, akangoja. Jioni ya kwanza alikamata swala pala. Jioni ya pili akakamata kanga. Kuanzia hapo wanyama wakawa wanakuja na kiu, wanasimama mbali, kisha wanarudi nayo.

Sungura yeye hakuwa na haraka. Sungura wa porini huweza kukaa muda mrefu bila kunywa, mradi apate majani na mizizi yenye majimaji. Pala hawawezi, nyasi zikikauka, lazima wafike majini karibu kila siku. Lakini Sungura hakutaka pala wahame. Hachimbi pango, hulala juu ya ardhi chini ya kichaka, na macho na masikio ya kundi la pala ndiyo yaliyokuwa mlinzi wake. Wakiondoka wao, nani atamwamsha adui akija?

Basi akajibanza ndani ya kichaka cha miiba, akamtazama Chui usiku baada ya usiku. Nanyi wanangu, mtazameni pamoja naye. Chui hakimbizi mnyama mbali kama mbwa mwitu. Hunyata, tumbo likigusa ardhi, anasogea, anasimama, anasogea tena, mpaka mnyama awe karibu kabisa ndipo huruka. Akionekana mapema, mara nyingi huacha, kwa kuwa pala akishajua alipo hashikiki.

Sungura akaona na jambo la pili. Kila Simba aliponguruma ng'ambo ya korongo, Chui aliinua kichwa akakunja uso. Ngurumo ya Simba husikika hata kilomita 8, na wanyama wote walisimama wakasikiliza. Chui hakupenda.

Siku moja Sungura akaenda kwenye mbuyu uliokuwa umechunwa na tembo. Vipande virefu vya gome vilikuwa vimetapakaa chini, vingine bado vibichi. Akavichana kwa meno, akasokota kamba. Akaokota vibuyu vidogo vya porini vilivyokauka, ambavyo mbegu zake hucheza ndani ukivitikisa, akavifunga kwenye kamba vikawa manyanga. Kisha akafanya kitanzi kinachokaza ukikivuta, na mbele yake akapiga fundo la pili, kubwa, ili kikifika pale kisiendelee kubana. Alitaka maji yafunguke. Kumnyonga mtu hakutaka.

Jioni akaenda kwa pala na kanga. "Mkisikia sauti ya vibuyu hivi, fanyeni vile mnavyofanya siku zote mkishtuka. Msiongeze kitu."

Giza lilipoanza kuingia, akiwa ndani ya miiba, akaita, "Shikamoo, mzee Chui!"

"Marahaba. Toka huko nikuone."

"Nakuheshimu mno kukaribia, mzee. Nimekuletea pambo la utemi. Mwenye maji haya ni wewe, lakini nani anayejua? Simba akinguruma upande ule, nchi nzima inasimama. Wewe unapita kimya kama mtu asiye na kwao."

Chui akakoroma. "Mimi sihitaji kelele."

"Kweli mzee. Basi sikiliza tu mara moja, kisha nitalitupa."

Sungura akatikisa kamba. Cha, cha, cha! Ng'ambo ya mchanga pala wote wakainua vichwa, wakasimama wima, masikio mbele. Kanga wakapasua kelele juu ya miti.

"Umeona?" akasema Sungura. "Wamesimama. Na vile ni vigelegele."

Moyo wa Chui ukaruka. Hakujiuliza kwa nini pala walikuwa wameelekeza miguu upande wa kukimbilia. Hakujiuliza kanga hulia hivyo wakiona nini. Alisikia heshima, kwa kuwa heshima ndiyo aliyokuwa akiitamani.

"Nipe," akasema.

Hapa ndipo palipokuwa na hatari. Angemvalisha kwa mikono yake, angeliwa kabla fundo halijakaza. Sungura alikuwa amekwisha kuliwaza hilo. Akakitundika kitanzi kwenye tawi lililochomoza nje ya kichaka, akarudi ndani. "Mtemi hujivika mwenyewe, mzee. Ingiza kichwa, kisha uvute kwa nguvu."

Chui akaingiza kichwa, akavuta. Kitanzi kikakaza mpaka kwenye fundo la pili, tawi likavunjika, na manyanga yakabaki shingoni. Akatembea kuzunguka shimo. Cha, cha, cha! Pala wakasimama, kanga wakalia. Usiku ule Chui alitembea mpaka alfajiri, na hakuna siku aliyofurahi kama ile.

Kesho yake njaa ikauma. Akanyata kuelekea pala. Hatua moja, cha! Wakatimka. Akasema moyoni, nitalala nisitikisike. Akalala nyuma ya gogo, kimya kabisa. Pala wakaja, wakainama. Lakini anayetaka kuruka ni lazima kwanza ajikunje, na alipojikunja vibuyu vikagongana. Pala walikuwa mbali kabla miguu yake haijaacha ardhi.

Akajaribu kuitafuna kamba, meno hayakufika shingoni mwake. Akakwaruza kwa kucha, akajichana mwenyewe. Gome lilikuwa limekauka juani, na fundo limekuwa gumu. Siku ya tatu akaondoka kwenda milimani kutafuta pimbi na panya, na njia nzima alisikika.

Wanyama wakanywa mpaka mvua zikaja. Maji ya mvua yakalainisha gome, kamba ikaoza ikaanguka, na Chui akarudi kuwa Chui. Sungura alijua itakuwa hivyo. Lakini kufikia siku hiyo madimbwi yalikuwa kila mahali, na hapakuwa tena na shimo moja la kuvizia.

Mtoto wa pala akamwuliza, "Mjomba Sungura, wewe ni mdogo hivyo. Ulimshindaje?"

"Sikumshinda kwa nguvu," akajibu Sungura. "Nilitazama kwanza nguvu zake zinakaa wapi. Hazikuwa kwenye meno wala kucha, zilikuwa kwenye ukimya. Ukimya ule nisingeweza kumnyang'anya, ilibidi autoe mwenyewe. Na aliutoa kwa sababu alitamani sifa ya Simba. Kwa hiyo, mwanangu, shika mawili haya. Ukikutana na aliyekuzidi nguvu, usikimbilie kupigana naye. Mchunguze mpaka ujue anashinda kwa nini. Na mtu akikusifu huku anakupa cha kuvaa, jiulize kwanza kitakunyima nini."