Kidirisha cha Fonti na Mpatanishi Wake

Kidirisha cha kuchagua fonti kina orodha ya majina, kisanduku cha jina, kisanduku cha ukubwa, sampuli na kitufe cha “Sawa”. Ukibofya jina kwenye orodha, linajiandika kisandukuni, sampuli inabadilika na kitufe kinawashwa.

Kila kijenzi kikiamrisha vingine moja kwa moja, vijenzi hivi 5 vinaweza kuzaa viungo 20, maana kila kimoja kinawajua wenzake 4. Dalili ya mtego huo ni kwamba unaondoa sampuli tu, kumbe orodha nayo inaharibika, kwa kuwa msimbo wake ulikuwa unaitaja.

Mwaka 1994, Erich Gamma na wenzake 3 walieleza dawa kwa mfano wa kidirisha kama hiki: awepo mpatanishi. Orodha ikibofywa, inamwarifu tu kwamba imebadilika. Yeye ndiye anayesoma jina, analiandika kisandukuni, anachora upya sampuli, kisha anahakikisha jina na ukubwa vimejazwa kabla ya kuwasha kitufe. Viungo vya vijenzi vinabaki 5, kila kimoja kwake.

Hatari ipo. Mpatanishi akijaza kisanduku, nacho humwarifu kwamba kimebadilika. Naye akigusa orodha tena, mzunguko hauishi na programu inaganda. Kinga ni kuweka alama kwamba yuko kazini, na kupuuza taarifa hadi amalize. Tena, sheria zimehamia kwake, hazikutoweka. Hivyo kila kidirisha kiwe na mpatanishi wake, asije akalemewa.